Nyama Imetoka, Ugonjwa Umebaki

Harusi ilikuwa Tanga, na mishkaki ilifika mezani kwetu ikiwa bado inafuka moshi. Shemeji yangu, dereva wa malori ya Tunduma, alimeza kipande cha pili kisha akatulia ghafla, mkono kifuani, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha gari bila kulifunga. Hakukohoa wala hakuhema. Aliomba radhi kwa sauti yake ya kawaida, akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta ameinama chini ya mwembe, leso imelowa mate. Alijaribu fundo moja la maji. Baada ya sekunde chache fundo lile lilirudi lote, safi kama lilivyoingia.

Wakubwa wakaja na tiba zao. Mmoja alimpiga mgongoni. Mama mkwe alileta tonge la ugali alimeze bila kutafuna, lisukume nyama, kama inavyofanywa mtu akichomwa na mwiba wa samaki. Kijana wa vinywaji akaleta soda. Akatokea na wa kuagiza papai, kwa hoja kwamba jikoni papai ndilo linalolainisha nyama ngumu.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya kumsaidia, na mbili zingeweza kumuumiza. Kumpiga mgongoni ni kwa aliyepaliwa, yaani chakula kimeingia njia ya hewa; huyo hawezi kusema, anatapatapa, na dakika chache tu zinatosha kumuua. Shemeji alikuwa anaongea na kupumua. Nyama yake ilikuwa kwenye umio, bomba la nyama nyama lenye urefu wa kama sentimita 25 linaloteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Tonge la ugali lingeongeza tu foleni juu ya kizuizi. Soda ina sifa kubwa, hata baadhi ya madaktari waliwahi kuitumia, lakini jaribio la Uholanzi lililotangazwa 2023 kwa wagonjwa 51 lilionyesha kuwa waliokunywa kola hawakupata nafuu zaidi ya waliosubiri tu. Papai ndilo la kuogopa hasa: kimeng'enya chake hakijui tofauti kati ya mshikaki na ukuta wa umio. Na kujitapisha kwa kidole ni hatari kuliko yote, kwa sababu umio ulioziba ukisukumwa kwa nguvu kutoka chini unaweza kupasuka.

Kipimo cha kujua uzito wa jambo ni mate. Mtu asiyeweza kumeza hata mate yake anatakiwa afike mahali penye kamera ya kuingiza umioni ndani ya saa 6, na mapema zaidi ikiwezekana. Akiwa anameza mate ila chakula ndicho hakipiti, asivuke saa 24.

Usiku ule shemeji alifikishwa hospitali, akachomwa sindano ya usingizi, na daktari akaisukuma nyama taratibu kwa kamera hadi ikaanguka tumboni. Asubuhi aliruhusiwa. Karatasi yake ilisema umio hauna uvimbe wowote, aendelee na dawa za vidonda vya tumbo, na atafune vizuri. Familia nzima tukamshukuru Mungu, tukaanza kumtania kuhusu mishkaki.

Kosa lilikuwa hapo. Miezi 14 baadaye alikwama tena, mara hii kwenye kituo cha mizigo Makambako, kwa kipande cha kuku.

Daktari wa safari ya pili alikuwa mama wa makamo, mpole wa maneno. Kabla ya kugusa kamera alimgeukia dada yangu, akamuuliza: "Mama, huyu mume wako nyumbani anakulaje?" Dada akacheka. Anakula kama bibi harusi, akasema. Sahani zote zinaoshwa yeye bado yupo. Kila tonge na fundo la maji. Nyama anaikatakata hadi watoto wanamshangaa. Chapati kavu hataki, lazima ailoweke kwenye mchuzi. Vidonge vikubwa anavisaga kwa kijiko. Alikuwa hivyo tangu walipooana, miaka 9, na sisi sote tulidhani ni tabia.

Zilikuwa dalili. Mtu ambaye umio wake unabana kidogo kidogo halalamiki, anajizoeza. Anajifunza kutafuna mara 30, kukwepa vyakula vikavu, kuchelewesha mlo, hadi yeye mwenyewe anasahau kwamba wengine hawali hivyo. Ukimuuliza kama ana shida ya kumeza atakujibu hapana, na hakudanganyi. Ndiyo maana swali zuri linaulizwa kwa anayekula naye.

Daktari aliitoa kuku, na kamera ikiwa bado ndani akafanya kile ambacho mara ya kwanza hakikufanyika. Alipitisha koleo dogo kupitia mrija wa kamera na kunyofoa vipande vya ukuta wa umio, kila kimoja kama punje ya mchele iliyovunjika. Vinne vilitoka sehemu ya chini, vinne sehemu ya juu, vikatiwa kwenye vichupa viwili tofauti vya formalini vilivyoandikwa. Hiyo ndiyo biopsi.

Dada alishtuka. Kwa wengi wetu neno biopsi maana yake ni saratani, na hofu hiyo ina msingi. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia, ukipita Kenya na Tanzania hadi kusini, ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye saratani nyingi ya umio, na magharibi mwa Kenya imewapata hata watu ambao hawajafika miaka 30. Daktari wa huku anapoingiza kamera kwa mtu asiyemeza, jicho lake linatafuta uvimbe kwanza, na ni sawa. Tatizo ni pale asipouona, akashusha pumzi, akachomoa kamera. Ugonjwa wa shemeji hauna uvimbe. Mara nyingi kuna pete pete kama za koo la bomba la mashine, mifereji ya wimawima, au madoa meupe. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa umio unaonekana mzima kabisa kwa jicho. Ugonjwa huo unaonekana kwa darubini tu.

Kinachotafutwa ni chembe nyeupe za damu ziitwazo esinofili. Jina lilitolewa na Mjerumani Paul Ehrlich 1879, kwa sababu chembe hizo zinapenda rangi ya eosini na zikipakwa zinawaka wekundu wa machweo. Mwili unazitumia dhidi ya minyoo na kwenye mizio. Tumboni na kwenye utumbo zipo siku zote. Kwenye utando wa umio, kwa mtu mzima wa afya, hazipo. Mtaalamu wa patholojia anakata kipande kiwe chembamba kuliko karatasi, anakipaka rangi, anakikuza mara 400, kisha anatafuta eneo lililojaa zaidi na kuhesabu. Zikifika 15 au zaidi katika uwanja mmoja wa darubini, na mtu ana dalili za kumeza kwa shida, na hakuna sababu nyingine iliyopatikana, jina la ugonjwa linaandikwa: esofagaiti ya esinofili, yaani umio uliovimba kwa kuvamiwa na chembe hizo.

Vipande vya shemeji vya chini vilikuwa na esinofili 42. Vya juu, 28.

Kwa nini vipande vingi na kutoka sehemu mbili? Kwa sababu esinofili hazijamwagwa sawasawa. Sentimita hii imejaa, inayofuata ni tupu. Kipande kimoja kinaweza kuangukia penye utupu na jibu likaja "kawaida" kwa mtu mgonjwa kabisa, ndiyo maana wataalamu wanataka visipungue 6. Uvimbe wa chini peke yake unaweza pia kuletwa na asidi inayopanda kutoka tumboni. Ukiwepo na juu, shaka inapungua. Nako kupima damu hakutoshi. Esinofili za damu zinaweza kuwa kawaida huku umio umejaa, na kwetu zinaweza kupanda kwa sababu ya minyoo tu. Shemeji alipimwa choo na kupewa dawa ya minyoo kabla ya yote, jambo la busara hasa kwa mtu atakayepewa steroidi.

Ugonjwa huu ni mgeni vitabuni. Ulianza kuelezwa kama ugonjwa unaojitegemea 1993, Stephen Attwood na wenzake walipoandika habari za watu wazima 12 waliokuwa wakikwamwa na chakula bila kuwa na shida ya asidi. Unaowapata zaidi ni wanaume, kama watatu kwa kila mwanamke mmoja, na mara nyingi wenye pumu, mafua ya mzio au ukurutu. Shemeji alikuwa na pumu utotoni, na hakuna aliyewahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Ushahidi kwamba chanzo ni chakula ulikuja 1995, kutoka hospitali ya Johns Hopkins, Marekani. Watoto 10 walioshindikana kwa dawa za asidi waliondolewa vyakula vyote vya kawaida, wakapewa maziwa maalumu ya dukani ambayo protini yake imevunjwavunjwa hadi kubaki asidi amino tupu. Wanane wakapona dalili zote, wawili wakapata nafuu. Walipoanza kurudishiwa vyakula, dalili zikarudi. Kwa hiyo ni mzio, lakini si ule wa kuvimba midomo dakika 5 baada ya kula pweza. Huu unakwenda polepole, kwa siku na wiki, kwa njia nyingine ya kinga ya mwili. Ndiyo sababu vipimo vya mzio vya kuchoma ngozi au vya damu havitoi jibu la kutegemewa kuhusu chakula gani kinamdhuru mgonjwa wa umio. Nimeona watu wakilipa fedha nyingi kwa orodha ndefu za vipimo hivyo, kisha wakajinyima nyanya na samaki bure.

Daktari alianza na dawa rahisi: omeprazoli, asubuhi na jioni, wiki 8. Ndiyo ile ile ya vidonda vya tumbo, lakini kwa ugonjwa huu inafanya kazi zaidi ya kupunguza asidi, na karibu nusu ya wagonjwa esinofili zao hushuka. Shemeji hakuwa katika nusu hiyo. Kamera ya tatu, esinofili 30.

Ikaja zamu ya steroidi, na hapo palizuka ubishi. Neno hilo lilimkumbusha jirani yake aliyevimba uso kwa vidonge vya steroidi. Daktari alimweleza kwamba hii haikusudiwi kuzunguka mwilini. Inapakwa juu ya ukuta wa umio kama unavyopaka dawa ngozini, na kiasi kinachofika tumboni na kufyonzwa huvunjwa karibu chote na ini. Kisha akamwandikia pampu ya pumu ya flutikasoni.

Kuna kichekesho hapa, na si cha kuchekesha sana. Kila mtu anayeuza pampu hiyo anajua kueleza namna ya kuivuta. Karatasi iliyo ndani ya boksi inaeleza kuivuta. Shemeji akaenda nayo nyumbani na kuivuta siku 10, kwa uaminifu, dawa yote ikienda mapafuni ambako hakuna aliyeihitaji. Alipopiga simu kulalamika kwamba haoni tofauti, daktari alimwambia: "Kaka, usiivute. Imeze." Inapulizwa mdomoni bila kile kichupa kirefu cha plastiki, pumzi ikiwa imezuiwa, kisha unameza. Kwa mtu mzima kipimo kinachotumika sana ni mikrogramu 880 asubuhi na 880 usiku, na hiyo si pampu moja tu, ni kadhaa mfululizo kutegemea nguvu ya dawa. Baada ya hapo unasukutua na kutema, kisha nusu saa nzima huli wala hunywi, maji yasije yakaisafisha dawa ukutani.

Wengine huandikiwa budesonidi, ile ya vichupa vidogo vya mashine ya mvuke, miligramu 1 mara mbili kwa siku, iliyochanganywa na asali hadi iwe nzito kama uji, inywewe taratibu. Uzito ndio siri yenyewe: maji matupu hupita mbio, asali hushikilia. Ulaya kuna kidonge kilichotengenezwa kwa kazi hii, kikayeyukia mdomoni, kilichoidhinishwa 2018. Marekani iliidhinisha budesonidi ya maji mazito 2024, na sindano ya dupilumabi 2022. Maduka yetu mengi ya dawa hayana hivyo, lakini pampu na vichupa vipo, na vikitumiwa sawasawa vinafanya kazi kwa walio wengi. Usumbufu unaojitokeza zaidi ni fangasi mdomoni au umioni, utandu mweupe unaotibika.

Wiki 8 za kumeza badala ya kuvuta zilileta esinofili hadi 3. Shemeji alikula mshikaki mbele yetu, akamaliza wa kwanza. Kisha akaacha dawa, bila kumwambia mtu, kwa sababu amepona. Baada ya miezi 5 alianza tena kuloweka chapati kwenye mchuzi. Dada ndiye aliyegundua.

Steroidi hizi hazing'oi ugonjwa, zinaukalia. Ukiinuka, nao unainuka. Aliporudi hospitali daktari hakugomba, alimpa uchaguzi: ameze dawa kwa miaka, au atafute chakula kinachomuumiza na akiache. Shemeji alichagua chakula.

Njia ya zamani ni kuondoa mara moja makundi 6: maziwa, ngano, mayai, soya, karanga na jamii ya korosho, samaki na viumbe vya baharini. Inafaulu kwa wengi lakini ni kifungo. Watafiti wa Hispania walionyesha 2018 kwamba kuanza na maziwa na ngano tu kunawatosha watu 43 kati ya 100, na wasiofaulu ndio waongezewe vingine. Jaribio jingine la Marekani la 2023 lililinganisha kuacha maziwa pekee na kuacha vyote 6: waliofaulu walikuwa 34 kati ya 100 kwa njia ya kwanza na 40 kwa ya pili, tofauti ndogo isiyoweza kuhesabiwa kuwa ushindi.

Wakaanza na viwili. Dada yangu alidhani atapata taabu, akakuta jikoni mwa pwani nusu ya kazi imeshafanywa. Vitumbua ni mchele. Mkate wa kumimina ni mchele. Tui la nazi si maziwa ya mnyama. Mihogo, ndizi, ugali, wali, uji wa ulezi, vyote huru. Vigumu vilikuwa vile vya barabarani: chapati, maandazi, sambusa, na chai ya maziwa inayochemshwa kwenye sufuria moja tangu alfajiri. Akaanza kubeba chupa yake ya chai ya rangi. Kuhamia maziwa ya mbuzi hakusaidii, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Samli na siagi zilitoka. Biskuti zilitoka baada ya kusoma pakiti na kukuta maziwa ya unga.

Wiki 8, kamera, esinofili 4. Akarudishiwa ngano peke yake, wiki 8 nyingine, kamera, esinofili 3. Chapati ikarudi mezani kwa vigelegele. Kisha maziwa. Kipindi hicho chote alijisikia mzima, alikula bila maji, alituambia kwa uhakika kwamba hana mzio wa kitu chochote na madaktari wamemchezea. Kamera ya saba: esinofili 35.

Kama angefuata hisia zake, angeendelea na maziwa akijiona salama, na uvimbe ungeendelea kimya kimya kugeuka kovu. Kovu ndilo linalobana. Umio wa mtu mzima kwa kawaida hupanuka kuzidi milimita 20. Ukishuka chini ya 13, nyama inaanza kukwama. Utafiti wa Uswisi wa 2013 ulikuta kwamba kati ya waliogunduliwa ndani ya miaka 2 tangu dalili zianze, 17 kwa kila 100 walikuwa na umio uliobana. Kwa waliochelewa zaidi ya miaka 20, walifika 71. Umio wa namna hiyo daktari huupanua kwa puto, kidogo kidogo kwa safari kadhaa, na kifua huuma siku moja au mbili. Unafungua njia, ila chembe haziguswi. Bila dawa au kuacha chakula, njia hujifunga tena.

Kamera 7 si kitu cha kuzungumzia kwa wepesi. Aliuza pikipiki. Wapo ambao kwa hesabu hiyo watachagua pampu na kupimwa mara chache, na sioni kosa lao. Ila namba moja ya kamera ilikuwa ya bure kabisa: ile ya kwanza, usiku wa harusi, umio ulipokuwa wazi mbele ya daktari na koleo lipo mezani.

Kwa hiyo ukimsindikiza mtu aliyekwamwa na chakula, usiondoke kwa furaha ya kuambiwa nyama imetoka. Uliza vipande vingapi vya biopsi vimechukuliwa, na kutoka sehemu zipi za umio. Ukijibiwa kwamba havikuchukuliwa, omba tarehe ya kurudi.